Mzee wetu kazini anamwita mwenzetu "bubu". Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Kabari
Habari za muda huu wakuu. Nina jambo linanikwaza, na nikiongea na wenzangu hapa kazini litasambaa kabla ya saa sita.

Tupo saba kwenye karakana ya kujalidi vitabu. Mmoja wetu ni kiziwi, ndiye anayeendesha mashine ya kukata karatasi. Kwa usahihi wa mkono hakuna anayemfikia, rimu ikitoka kwake kingo zote zimekaa sawa kama ukuta. Msimamizi wetu ni mzee aliyenifundisha hii kazi tangu sijui hata kushika sindano ya kushonea. Ni mtu mzuri, nasema kwa moyo wote. Ila kila siku ni "mpelekee bubu hizi", "muulize bubu kama kisu kimenolewa", "bubu leo kachelewa". Hasemi kwa kumdharau, ndivyo alivyozoea.

Juzi alikuja mteja, mama mmoja na mwanawe wa miaka kama minane. Mzee akapaza sauti, "Bubu yuko wapi aje akate hii!" Yule mama aliinamisha uso, akamvuta mtoto karibu. Nilikuja kuelewa walipokuwa wanatoka, maana mtoto alimuuliza kitu kwa mikono na mama akamjibu kwa mikono. Hakuaga. Mzee hakuona chochote, alikuwa anahesabu kurasa.

Nataka kumwambia. Lakini mimi ni mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi na yeye ndiye mwalimu wangu. Naanzia wapi?

---

NguzoYaTatu
Sasa hapo tatizo liko wapi? Bubu ni Kiswahili fasaha, kipo kwenye kamusi. Tunasema bandari bubu, danguro bubu, kila siku kwenye taarifa ya habari, mbona hakuna anayelia? Mtaanza kutukataza maneno mpaka tubaki tunakohoa tu. Huyo jamaa mwenyewe amelalamika? Kama hajalalamika, wewe unawashwa na nini.

---

DadaWaStoo
Kabari, uko sahihi kabisa, hilo neno ni tusi. Na hata "kiziwi" ulilotumia wewe si zuri. Angalia linavyoanza, "ki", kama kiti, kikombe, kiatu. Tumemweka binadamu kwenye ngeli ya vitu. Neno la heshima ni "mlemavu wa kusikia" au "mtu mwenye changamoto ya usikivu". Mwambie mzee atumie hilo.

---

SijasikiaMimi
Dada, asante kwa nia njema, ila tafadhali usinipe "changamoto ya usikivu". Mimi ni kiziwi. Nilizaliwa hivi, mke wangu ni kiziwi, rafiki zangu wengi ni viziwi. Hata Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, jina lake ni hilo hilo na waliojiita hivyo ni wenyewe. Ukiniambia nina changamoto, unakuwa umenianzia na kilichopungua.

Sasa "bubu" ni kitu kingine. Hilo likisemwa nalijua hata nisipolisikia, maana midomo inagongana mara mbili na macho ya msemaji yanakuja kwangu. Na kabla hujaniuliza, ndiyo, ninakoelekea nakuta watu wanacheka na mimi nacheka. Nacheka kwa sababu wote wanacheka na sitaki kuuliza kwa mara ya hamsini wanacheka nini. Kwa hiyo wewe NguzoYaTatu unaposema "hajalalamika", jiulize kama ana habari kwamba kuna kitu cha kulalamikia.

---

NguzoYaTatu
Hapo kwenye kucheka nimekaa kimya kidogo. Ila bandari bubu bado hamjanijibu.

---

MkalimaniMzoefu
Nimekuwa mkalimani wa lugha ya alama kwa muda mrefu, nitajibu kadiri ninavyojua. SijasikiaMimi, unikosoe pale nitakapoteleza.

Kwanza tumalizane na ngeli, maana hoja ya Dada huwa naisikia sana na imekaa nusu. Kiambishi "ki" peke yake hakimgeuzi mtu kuwa kitu. Tuna kijana, kiongozi, kinyozi, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamikia ngeli. Kinachoonyesha kama unamhesabu mtu ni upatanisho unaokuja baada ya jina. Tunasema "kiongozi amefika", na vilevile "kiziwi amefika", "viziwi wale wameondoka". Ukisikia mtu anasema "hicho kiziwi kimekuja", hapo ndipo alipomgeuza kiti, na anajua. Kwa hiyo Dada hujakosea kuhisi kuna kitu, ila kitu chenyewe kiko neno moja mbele.

Sasa "bubu". Maana yake ni mtu asiyeweza kusema. Kiziwi wa kuzaliwa koo lake kwa kawaida ni zima, na sauti anayo. Anacheka kwa sauti, akigongwa kidole anapiga kelele kama wewe. Tunajifunza kutamka kwa kusikia, basi asiyesikia hana pa kuiga. Wapo viziwi wanaotamka vizuri tu, hasa waliopoteza usikivu wakiwa tayari wanaongea. Wapo pia watu wanaosikia kila kitu na hawasemi. Kwa hiyo neno lenyewe halimwelezi hata huyo jamaa wa mashine ya kukata.

Hilo lingekuwa kosa dogo la msamiati, kama vile kumwita daktari wa meno daktari wa macho. Kinachouma kipo chini yake. Ukimwita mtu bubu umesema hana lugha, na asiye na lugha tunamchukulia kama asiye na la kusema. Watu wanaamua mambo yake bila kumuuliza, wanamjibia, wanamwongelea akiwa hapo hapo. Wakati huo ana lugha kamili. Lugha ya alama ina sarufi yake, ina utani wake, ina watu wanaoizungumza ovyo na wanaoizungumza kwa ufasaha. Mwaka 1960 mwanaisimu William Stokoe alichapisha uchambuzi wa alama za viziwi wa Marekani kama lugha, na hata hapo wataalamu wengi walikuwa wanadhani ni ishara za kubahatisha.

Na kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, karibu wote wakiwa wanaosikia, wakapitisha kwamba watoto wafundishwe kutamka na alama ziondolewe madarasani. Shule nyingi zikafuata. Vizazi vya watoto vilizuiwa kutumia mikono yao. Mkutano wa mfululizo huo huo, ulipofanyika Vancouver mwaka 2010, ndio ulioyakataa maazimio yale na kueleza majuto. Hiyo ni miaka 130. Mzee wako hakuwepo Milan, najua. Ila kiziwi akiitwa bubu ndicho kitu anachoguswa nacho: yule mtu ambaye mpaka atamke ndiyo ahesabiwe.

Bandari bubu mimi hainisumbui sana, kwa sababu haijapachikwa mtu. Najua viziwi wasiokubaliana nami.

---

SijasikiaMimi
Mmoja wao ni mimi. Bandari bubu ni bandari ya magendo, ya kificho. Ndilo wazo lenyewe: bubu ni kitu ambacho wenye mamlaka hawakijui. Ila sitakukatia urafiki kwa hilo.

---

NguzoYaTatu
Sawa. Mimi nitaendelea kusema bandari bubu. Mtu simwiti tena.

---

Mwanaidi_K
Samahani kuingilia, langu ni tofauti kidogo lakini naona linahusika. Kwenye kundi letu la kazi mtu akikosea hesabu au akisahau kitu, wanamwambia "leo hujameza dawa nini?" Wote wanaweka vikaragosi vya kucheka. Mdogo wangu anatumia dawa za ugonjwa wa akili, na siku akizikosa nyumbani hatulali. Kila nikisoma ule utani tumbo linanikata. Nikisema kitu nitalazimika kueleza habari za mdogo wangu, na hizo si zangu kuzitoa.

---

MkalimaniMzoefu
Mwanaidi, pole. Lako linatofautiana na la Kabari kwa jambo moja kubwa, yeye anasema kwa niaba ya mwingine, wewe limekuingia mwenyewe. Huna deni la ushahidi. Mchague mmoja kwenye kundi, yule anayeanzisha utani mara nyingi, mwandikie peke yake: "Ule utani wa dawa naomba tuuache, kuna watu tunaowajua wanaomeza kweli na siku wakikosa si ya kuchekesha." Akiuliza nani, mwambie sitaji. Mtu muungwana ataishia hapo.

---

Mwanaidi_K
Nitajaribu. Naogopa jibu la "ah, ni utani tu".

---

SijasikiaMimi
Jibu lake ni "najua ni utani, ndiyo maana nimekufuata wewe na si bosi".

---

Kabari
Nimewasoma wote. MkalimaniMzoefu, nimeelewa kwa nini. Sasa kwa namna gani? Nimeandika ujumbe nimtumie mzee, una aya nne, nimeweka na habari za Milan.

---

MkalimaniMzoefu
Ufute.

Nimefanya kosa hilo hilo miaka ya nyuma. Ujumbe mrefu unamwambia mtu kwamba ulikaa chini ukamfungulia jalada. Ataurudia usiku, kila sentensi ataisoma kwa sauti ya hasira hata kama uliandika unatabasamu. Na akiwa mtu mzima, anayekusahihisha kwa maandishi ni kama anayempelekea barua ya onyo. Nenda kwa mdomo. Mkiwa wawili, kazi imeisha, hakuna anayewasubiri. Usikae sana baada ya tukio, maana ukimwambia jambo la wiki tatu zilizopita atajiuliza kwa nini ulilihifadhi.

Anza na kitu ulichokiona kwa macho, usianze na neno. Ukianza na "Mzee, hilo neno unalotumia si zuri", papo hapo anaingia kwenye kesi ya kujitetea na utampoteza. Una bahati, una yule mama. Mweleze kilichotokea tu: "Mzee, naomba dakika mbili. Yule mama wa juzi, mwanawe ni kiziwi. Ulipoita 'bubu' niliona uso wake umebadilika, akaondoka bila kuaga. Najua hukukusudia." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, utatamani kuongeza. Usiongeze.

Halafu uwe na neno la kumpa badala yake. Mtu aliyenyang'anywa neno alilozoea miaka kumi bila kupewa lingine atarudia lile lile kesho asubuhi, si kwa ukaidi, ulimi unakwenda njia unayoijua. Kwa hapo neno ni rahisi mno. Jamaa hana jina?

---

Kabari
Anaitwa Saidi. Sasa nimeona aibu, sote tunalijua jina lake.

---

DadaWaStoo
Mimi ningemwambia mbele ya Saidi mwenyewe ili mzee amwombe radhi hapo hapo, yaishe.

---

SijasikiaMimi
Hapana, hapana. Utamfanya Saidi awe hakimu wa kesi asiyoijua. Atatazama midomo miwili ya watu wenye mikunjo usoni, hajui kinachoendelea, mwishowe mzee anamshika bega na kumwambia kitu. Unajua ni nini tunachokiona kwenye midomo? Simama mbele ya kioo useme bila sauti "baba", kisha "mama", kisha "papa". Ni picha moja. Nusu ya mambo tunayakisia. Radhi ya namna hiyo ni ya kumpunguzia mzigo anayeiomba.

Na Kabari, usiseme "Saidi amekasirika" kama hujamuuliza. Sema ulichokiona wewe.

---

NguzoYaTatu
Na akigoma? Maana mimi ningegoma. Ningesema nimemwita hivyo miaka yote na tunapendana.

---

MkalimaniMzoefu
Basi kubali sehemu iliyo kweli. "Ni kweli mnapendana, na yeye mwenyewe anakuona hivyo. Mimi nawaza wanaosikia kutoka nje." Usishindane naye kuhusu nia yake, nia yake anaijua yeye. Akigoma mara ya pili, acha siku hiyo. Wewe mwenyewe mwite Saidi kwa sauti kila siku, wengine wataanza kufuata. Nimeona likifaulu, nimeona pia likishindikana. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi alistaafu na neno lake.

---

Kabari
Nimerudi. Nilimwambia jana jioni.

Nilivuruga mwanzo. Nilikusudia kuanza na yule mama, mdomo ukanitoka "Mzee, kuna jambo unakosea." Mkasi alioushika akauweka mezani. Akasema, "Mimi?" Nikajua nimeharibu. Nikamwambia, "Samahani, nimeanza vibaya, naomba nianze upya." Nadhani hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu alicheka kidogo. Nikamweleza ya mama na mtoto. Nikanyamaza kama nilivyoambiwa, nikahesabu karatasi zilizokuwa mbele yangu mpaka kumi na nne.

Akasema, "Lakini Saidi huwa anacheka." Nikamwambia tu kile nilichojifunza hapa, kwamba huenda anacheka kwa sababu sisi tunacheka. Mzee hakujibu. Alifunga mashine, akazima taa upande wake, akaniambia "haya, kesho". Nilienda nyumbani nikidhani nimekosana na mwalimu wangu.

Leo asubuhi hajasema bubu hata mara moja. Amesema, na hapa mnisaidie, "mpelekee ndugu yetu mwenye ulemavu wa usikivu hizi rimu tatu". Kila mara. Sentensi nzima. Karakana yote inamwangalia.

---

DadaWaStoo
Kwa hiyo alinisikiliza mimi 😄

---

SijasikiaMimi
Mungu wangu. Mwambieni "Saidi" ina silabi tatu.

---

MkalimaniMzoefu
Hiyo ni kawaida, mtu akiogopa kukanyaga anatembea kwa vidole. Usimsahihishe tena leo, mara mbili ndani ya siku mbili ni nyingi kwa mtu yeyote. Mwite Saidi wewe, yeye akusikie.

Kama anataka zaidi ya hapo, amuulize Saidi jina lake la alama. Viziwi wengi wanayo majina hayo, wanapeana wenyewe, hayahusiani na la kwenye kitambulisho. Na wanaosikia waliokaa nao karibu nao huwa wamepewa, hata kama hawajui.

---

Mwanaidi_K
Mimi nimetuma. Amejibu "Poa, sikujua", na kingine hakuongeza. Leo mwingine kaanzisha ule utani, yeye hakuweka kikaragosi. Sijui kama hiyo ni hatua au ni bahati.

---

Kabari
Siku tano baadaye, naleta taarifa kwa sababu NguzoYaTatu ameniuliza faragha.

Mzee sasa anasema Saidi. Neno "bubu" limemponyoka mara mbili, ya pili alijishika mdomo mwenyewe. Yule mama hajarudi, vitabu vyake vimekaa rafuni, sijui kama atatuma mtu.

Ila kuna jipya. Mzee alimfuata Saidi na karatasi, akaandika: "Jina lako la alama ni lipi?" Saidi akamwonyesha, vidole viwili vinapita hewani kama kisu kinashuka. Mzee akafurahi, akaandika tena: "Na mimi nimepewa?" Saidi akatazama chini, akanitazama mimi, mwishowe akashika masikio yake mawili akayavuta kwa nje.

Mzee ana masikio makubwa, sitaficha. Amekaa na jambo hilo asubuhi nzima. Saa sita akanivuta pembeni, akaniuliza kama mimi naona ni vizuri amwambie Saidi, kwa upole, kwamba hilo jina halijamkalia vizuri.

---

SijasikiaMimi
Mwambie kwetu macho ndiyo yanayoita majina, nusu ya rafiki zangu ni makovu na pua. Mimi mwenyewe ni "Meno". Ila akitaka kumwambia, amwambie. Mkiwa wawili, na asianze na "unakosea".